Wastani wa Fremu 98 na Gemu Inayokwama

Wanaotetea wastani wa fremu kwa sekunde kama kipimo cha jinsi gemu inavyokwenda wana hoja ya kweli. Namba moja ni rahisi kulinganisha, haiyumbi sana jaribio linaporudiwa, na anayechagua kati ya kadi mbili za grafiki huona mara moja ipi ina nguvu zaidi. Lakini namba hiyo hupatikana kwa kugawa jumla ya fremu kwa muda wa jaribio zima, ilhali mchezaji huzipokea fremu hizo moja baada ya nyingine.

Tuchukue jaribio la sekunde 60 ambamo kila fremu huchukua milisekunde 10, yaani fremu 100 kwa sekunde. Sasa ziingie fremu 10 mbaya, kila moja ya milisekunde 100. Kwa pamoja zinakula sekunde 1 tu. Sekunde 59 zilizobaki zinatoa fremu 5,900, na wastani unashuka hadi 98.5. Upungufu mdogo hivyo unaweza kujitokeza hata mashine ileile ikipimwa mara mbili, kwa hiyo hakuna atakayeutilia shaka. Kwenye skrini ya 60 Hz, hata hivyo, milisekunde 100 ni picha ileile kuonyeshwa mara sita mfululizo, na mchezaji aliyekuwa akilenga shabaha hukuta adui ameshahama.

Wengine husema namba ya 1% low, inayoangalia asilimia 1 ya fremu zilizochelewa zaidi, inatosha kuliziba pengo hili. Fremu zetu 10 kati ya 5,910 hazifiki hata asilimia 0.2. Programu inayosoma mpaka wa asilimia 99 itaripoti milisekunde 10, sawa na fremu 100 kwa sekunde, kana kwamba hakuna kilichotokea. Inayochukua wastani wa fremu 59 mbaya zaidi itaripoti takriban 40. Zote mbili huiita namba hiyo kwa jina lilelile.

Scott Wasson wa tovuti ya The Tech Report alipoanza mwaka 2011 kuchapisha muda wa kila fremu, alirudisha kile ambacho wastani hukifuta: mahali pa tukio. Ni kweli kwamba grafu ya muda wa fremu kutoka programu kama PresentMon au CapFrameX inaweza kupotosha iwapo kipimo cha wima hakilingani kati ya kadi mbili, na kwamba muda ambao gemu hukabidhi fremu si lazima ulingane na muda ambao skrini huionyesha. Hata hivyo, grafu pekee ndiyo inayoonyesha kama miiba 10 ya fremu mbaya imetawanyika au imerundikana pale mchezaji anapoingia eneo jipya. Ikirundikana hapo, kisha ikatoweka jaribio linaporudiwa, mshukiwa wa kwanza ni sheda, yaani programu ndogo za kuchora picha kwenye kadi, zilizokuwa zikitafsiriwa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa zikishatafsiriwa huhifadhiwa. Ikirudi palepale kila mara, uchunguzi uelekee kwenye upakiaji wa data ya eneo hilo, na kununua kadi yenye wastani mkubwa zaidi huenda kusiiondoe.