Ushuru wa tani 18 zisizosafirishwa

"Kwa nini mwenye kiwanda arudishiwe ushuru aliolipa bandarini, wakati sisi wanunuzi wa kawaida haturudishiwi chochote?"

Kwa sababu ushuru wa forodha unalenga mali itakayotumika ndani ya nchi, na mali yake haikutumika humo. Bati la chuma limeingia, limekatwa vifuniko vya makopo, vifuniko vimepakiwa kwenye kontena na kuondoka. Mnunuzi wa ng'ambo hadaiwi ushuru na nchi ambako vifuniko vilitengenezwa. Asiporudishiwa mwenye kiwanda, ataubeba yeye, na mzigo wenyewe ni mzito kuliko unavyoonekana kwenye hati.

Tuseme kifuniko kinauzwa nje kwa 100, na ndani ya hiyo 100 kuna bati la thamani ya 60. Ushuru wa asilimia 10 juu ya bati ni 6. Watu husikia 6 katika 100 wakaona ni kidogo. Lakini kiwanda hakina 100 mkononi, maana 60 ni ya aliyeuza bati. Kazi ya kiwanda chenyewe, yaani mishahara, umeme, mashine na faida, ni ile 40 iliyobaki, na 6 katika 40 ni asilimia 15. Mshindani aliye katika nchi isiyotoza bati ushuru anaanza akiwa mbele kwa kiasi hicho, na hakuna ufundi wa mashine unaoziba pengo la namna hiyo kwa urahisi.

Kwa hiyo sioni haki ya kuliita rejesho zawadi. Hata hivyo maofisa wa forodha wanaosita kuidhinisha madai wana sababu, na sababu yao huanzia kwenye mabaki.

Chukua madai ya tani 100 za bati, kila tani ikiwa na thamani ya 1,000. Ushuru uliolipwa ni 10,000. Vifuniko vilivyosafirishwa vina uzito wa tani 82. Tani 15 ni vipande vilivyobaki kwenye mashine ya kukatia, vikauzwa kama chuma chakavu kwa 200 kila tani. Tani 3 zimepotea kabisa. Je, arudishiwe kiasi gani?

Ukihesabu chuma kilichomo ndani ya vifuniko tu, ni 8,200. Ukihesabu bati lote lililoingia mashineni, ni 10,000. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ruzuku, ambao huhesabu rejesho lililopita kiasi kuwa ruzuku, unaruhusu upotevu wa kawaida uhesabiwe kuwa umetumika katika uzalishaji, lakini unasema pia kwamba kilichouzwa na mtengenezaji yuleyule hakihesabiwi kuwa upotevu. Ukiyasoma maneno hayo kama yalivyo, tani 3 zinaingia, tani 15 zinatoka, na jibu ni 8,500. Marekani ina njia nyingine kwa mabaki yenye thamani: chakavu kimeleta 3,000, fedha hizo zingenunua tani 3 za bati jipya, basi zinaondolewa tani 3 tu na rejesho linahesabiwa kwa tani 97. Huko nako hulipwa asilimia 99 ya ushuru, si wote, lakini kabla ya kukata hiyo asilimia moja hesabu ni 9,700.

Mimi naegemea njia hii ya mwisho. Kilichobaki nchini ni chakavu cha thamani ya 3,000, hakikubaki bati la thamani ya 15,000. Kukitoza kana kwamba ni bati zima ni kumtoza mtu kwa kitu ambacho hakipo tena.

Hofu ya ofisa ni hii: vipi kama upotevu halisi ulikuwa mdogo? Anayedai kwamba tani 82 za vifuniko zilikula tani 100, kumbe zilikula 92, amebakiwa na tani 8 za bati lisilo na ushuru, na anaweza kuziuza sokoni kwa bei ambayo mwenzake aliyelipa ushuru haiwezi. Huo ni wizi, na hutokea. Nakubali pia kwamba karatasi peke yake haimfichui.

Lakini hesabu inamfichua. Vifuniko ni duara, na duara hukatwa kwenye bati bapa. Ukizipanga duara kwa mistari iliyonyooka, kila moja ndani ya mraba wake, zinachukua asilimia 78.5 ya eneo. Ukizipanga kwa kupishana, kila mstari ukiingia kwenye nafasi za mstari wa jirani, kikomo ambacho hakivukwi ni karibu asilimia 90.7, na kingo za bati hupunguza kidogo. Anayedai 82 yuko mahali panapoaminika. Anayedai 70 aulizwe mpangilio wa mashine yake. Kisha zitazamwe risiti za mizani za chakavu: kama tani 15 zilitoka kweli, kuna gari lililozibeba na mtu aliyezinunua. Madai yenye upotevu mkubwa na chakavu kidogo ndiyo ya kusimamisha.

Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi, hesabu hiyo isipofanyika, madai yote hugeuka kuwa ya kutiliwa shaka. Mwaka 2018 Chombo cha Rufaa cha Shirika la Biashara Duniani kiliamua shauri la aina hii, kati ya Pakistani na Umoja wa Ulaya, kuhusu plastiki ya kutengenezea chupa. Kilisema kwamba hata nchi inayosafirisha ikiwa haina utaratibu wa kutosha wa kuhakiki malighafi, ruzuku ni ile ziada iliyozidi ushuru unaostahili, si msamaha wote. Waliozoea kukataa faili zima kwa sababu ya ukurasa mmoja wangepaswa kuutafakari uamuzi huo.

Upande wa pili una hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Msafirishaji anayerudishiwa ushuru wa bati hana tena sababu ya kupigania ushuru huo upunguzwe. Ushuru unabaki juu, na wanaouza ndani tu wanaendelea kuulipa wakiwa peke yao. Ni kweli. Ila kumnyima rejesho ili awe mlalamikaji mwenzao ni kuchukua agizo lake la mwaka huu kulipia sera ambayo pengine haitabadilika.

Wengine wanataka rejesho lifutwe, ibaki njia ya kuingiza malighafi bila kulipa ushuru kwanza. Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo tangu Mei 2016. Kwa kiwanda kikubwa ni nafuu, kwa kuwa rejesho linalochelewa huliwa na riba: ile 6 ikirudi baada ya miaka miwili, kwa mkopo wa asilimia 20 kwa mwaka, ina thamani ya 4.2 hivi. Lakini njia hiyo kwa kawaida hudai dhamana na idhini mapema, na kiwanda kidogo kinaponunua bati mara nyingi hakijui bado kama kitapata agizo la nje. Rejesho ndilo linalomruhusu alipe leo, auze popote, kisha adai kwa kile kilichoondoka.

Njia ya kulihifadhi ninayoiona ni uwiano wa malighafi kukaguliwa mara moja kiwandani, mbele ya mashine, mpangilio wa kukatia ukipimwa na kutiwa sahihi. Uwiano huo utumike kwa kila dai hadi mashine au umbo la bidhaa libadilike, na ofisa abaki na kazi ya kulinganisha uzito uliosafirishwa na risiti za chakavu.