Vita vya Kivu: madini yalifika lini?

"Shikamoo mwalimu. Andiko langu linahusu Kivu, mashariki ya Kongo, na nimetakiwa kupima kama vita vile vinatokana na tamaa au kinyongo. Kila ripoti ninayofungua ina koltani na dhahabu ndani yake. Nikihitimisha kwamba ni vita vya madini, nitakuwa nimekosea wapi?"

Marahaba. Utakuwa umekosea kwenye kalenda. Ripoti hizo zinaeleza jinsi vita vinavyolishwa, ilhali nadharia uliyopewa kupima inahusu jinsi vita vinavyoanza. Mtu anaweza kuanza ugomvi kwa sababu ya shamba, akauendeleza kwa sababu amepata kula humo. Ukimkuta siku ya pili akila, utaapa kwamba alianza kwa sababu ya njaa.

Turudi kwa wenye hoja yenyewe. Paul Collier na Anke Hoeffler, katika makala yao ya 2004, walichambua vita 79 vya wenyewe kwa wenyewe vya kati ya 1960 na 1999. Walichosema si kwamba waasi ni wezi tu. Walisema watu wenye kinyongo wapo karibu kila nchi, lakini uasi ni nadra. Kwa hiyo swali la maana ni wapi uasi unaweza kulipiwa gharama zake. Wakapima mambo kama sehemu ya pato la taifa inayotokana na kuuza mali ghafi nje, vijana wa kiume wangapi wapo sekondari, na uchumi unakua kwa kasi gani. Kinyongo wakakipima kwa tofauti ya kipato, mgawanyiko wa makabila na ukosefu wa demokrasia. Upande wa kwanza ulitabiri vita vizuri kuliko wa pili.

Sasa chukua vipimo hivyo uvipeleke Kivu, uone vinavyoteleza. Mauzo ya mali ghafi yanahesabiwa kwa nchi nzima, na kwa Kongo sehemu kubwa ni shaba ya Katanga, kusini kabisa. Koltani inayovushwa mpakani usiku haimo kwenye daftari la forodha. Yaani namba utakayoiandika mbele ya jina "Kongo" haina habari na Masisi, huko Kivu. Upande wa kinyongo nao hauna nafuu: tofauti ya kipato inapima mtu na mtu, si kundi na kundi. Sheria inayowavua uraia watu wa kundi moja haionekani humo hata kidogo. Na sheria hiyo ndiyo kiini cha habari yote.

Wabelgiji walihamisha watu kutoka Rwanda kwenda Masisi kuanzia 1937 hadi miaka ya 1950, wakafanye kazi kwenye mashamba makubwa. Mwaka 1972 Mobutu akatoa sheria iliyowapa uraia waliokuwa Kivu kabla ya 1960. Mwaka 1981 ikaja nyingine ikaifuta: ili uwe Mzaire, ilibidi kabila lako liwe ndani ya mipaka ile tangu 1885. Hapo mtu aliyezaliwa Masisi, na baba yake akazaliwa Masisi, akawa mgeni. Bila uraia, haki yako juu ya ardhi inaning'inia, na kwenye uchaguzi huna nafasi. Machi 1993, kwenye soko la Ntoto, wilaya ya Walikale, Wanyarwanda wa Kivu walishambuliwa. Mapigano yakasambaa hadi Masisi, na maelfu ya watu wakafa.

Bei ya koltani iliruka mwishoni mwa 2000, ikaanguka tena 2001. Miaka 7 baada ya Ntoto. Tamaa haiwezi kuitikia bei ambayo haijapanda.

Mtu wa upande wa tamaa ana jibu, na usilipuuze. Atasema ardhi nayo ni mali. Malisho ya Masisi yana thamani. Aliyepigania shamba na aliyepigania mgodi wana tofauti gani? Pale soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, nilizungumza na mfanyabiashara kutoka Goma aliyekuja kununua dagaa. Alikuwa akikagua gunia, anachota kiganja, anapuliza mchanga, anasema bei. Nikamuuliza kwao wanapigania nini. Akasema, "Shida ni udongo." Mimi nikadhani anasema madini. Ilibidi anifafanulie: Kiswahili cha kwao, udongo ndiyo ardhi, shamba la babu. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi, maana ndani yake tamaa na kinyongo vinakaa chumba kimoja. Lakini kwa andiko lako ni hatari. Ukikubali kwamba kudai shamba la babu yako nako ni tamaa, basi hakuna vita duniani ambavyo nadharia ya tamaa itashindwa kuvieleza, na nadharia isiyoweza kushindwa hukuipima.

Usishangilie upande wa kinyongo mapema, hata hivyo. Kati ya sheria ya 1981 na damu ya 1993 kuna miaka 12. Kinyongo kilikuwepo wakati wote huo; kitu kisichobadilika hakiwezi peke yake kueleza kilichobadilika. Kilichobadilika ni dola. Mwaka 1990 Mobutu alikubali vyama vingi, 1991 ukaanza Mkutano Mkuu wa Taifa, na Septemba ya mwaka huohuo askari wasiolipwa wakapora Kinshasa. Ghafla uchaguzi unanukia, idadi ya vichwa inageuka kuwa madaraka ya kesho, na hakuna polisi wa kumwogopa. Swali la nani raia, lililolala kwenye makaratasi, likapata tarehe. Kisha 1994 zaidi ya wakimbizi milioni 1 wakavuka kutoka Rwanda, pamoja nao jeshi na wanamgambo walioua watu kule, na 1996 Rwanda na Uganda zikaingia kwa majeshi. Hapo nadharia zote mbili zinapepesuka, kwa kuwa zinachukulia vita vya wenyewe kwa wenyewe kuwa jambo la ndani ya uzio mmoja. Katika Maziwa Makuu uzio huo haukuwahi kusimama vizuri.

Jaribio la pili ni kundi la waasi la M23, na ndilo ningelipa nafasi kubwa kuliko yote, kwa sababu kundi ni lilelile na kalenda inajulikana. Jina lao limetokana na mkataba wa 23 Machi 2009, ambao walidai serikali ya Kinshasa iliuvunja. Waliasi 2012 wakashika Rutshuru na mpaka wa Bunagana. Eneo lile halina migodi mikubwa. Pato lilikuwa ushuru wa malori na biashara ya mpakani. Wakashindwa 2013. Wakaibuka tena mwishoni mwa 2021, na Juni 2022 mji wa kwanza wa maana waliouteka ukawa Bunagana tena. Rubaya, penye koltani nyingi, hawakuishika hadi Aprili 2024. Baada ya hapo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba koltani ya Rubaya inawaingizia takriban dola 800,000 kwa mwezi. Wataalamu haohao wameripoti kwamba jeshi la Rwanda linawaunga mkono, jambo ambalo Kigali imelikana. Ukisoma ripoti ya 2024 peke yake, M23 ni kampuni ya madini yenye bunduki. Ukianza 2012, mgodi unaonekana ukifika mwaka wa kumi na mbili.

Je, tamaa basi haielezi kitu? Inaeleza, tena kwa usahihi unaopendeza, ila inajibu swali jingine. Raúl Sánchez de la Sierra, katika utafiti uliochapishwa 2020, aliuliza makundi ya mashariki ya Kongo yalifanya nini bei zilipopanda. Koltani ni nzito, husafirishwa kwa magunia, huwezi kuificha. Bei yake ilipopanda, wenye silaha walikwenda mgodini, wakaweka ushuru na ulinzi palepale. Dhahabu unaiweka mfukoni, hata mdomoni. Bei yake ilipopanda, hawakupata faida kuweka kizuizi mgodini. Wakaenda vijijini wachimbaji wanakotumia pesa zao, wakatoza huko, hata wakaendesha utawala na mahakama. Huu ndio ushahidi mzuri wa tamaa niujuao. Lakini angalia unathibitisha nini: wenye silaha wanakaa wapi na wanatozaje. Kwa nini walishika silaha, haugusi.

Sasa njoo huku kwetu, maana andiko la kesi moja linahitaji pa kulinganishia. Ukitoka Mwanza ukavuka daraja la Kigongo–Busisi, unapita Sengerema na kuingia Geita, kwenye dhahabu ambayo imejaza malori na baa za mji huu kwa miaka. Kuna maduara, vijana wasio na kazi nyingine, pesa taslimu. Kinyongo nacho kimekuwepo: wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, jirani upande wa Kahama, 1996 kumpisha mwekezaji, na manung'uniko ya pale yalidumu. Mali ipo, uchungu upo, uasi haupo. Wenzangu wengi hutumia Geita kuipiga tamaa peke yake, na nadhani si haki. Geita inazipiga zote mbili. Collier naye angejitetea kwamba alizungumzia uwezekano, si lazima, na angekuwa sahihi. Bado tofauti iliyobaki kati ya duara la Geita na shimo la Rubaya ni nani anaweza kusimama mlangoni na bunduki akatoza, na asitolewe. James Fearon na David Laitin walisema jambo karibu na hilo 2003, kwamba udhaifu wa dola ndio unaotabiri uasi. Collier na Hoeffler wenyewe, pamoja na Dominic Rohner, mwaka 2009 walisogea kuelekea uwezekano wa kuasi, wakaacha mizani ya maneno mawili.

Kwa hiyo usiandike dhana moja ya "vita vinatokana na". Andika tatu: kilichoanzisha, kilichoendeleza, na kilichochagua mahali. Kwa kila moja taja mapema ni tukio gani likipatikana utakubali umeshindwa. Kwa mfano, ukikuta kundi lililoshika mgodi kwanza kisha likatafuta madai, M23 yangu imepata mpinzani, na sura yako itakuwa nzuri kuliko ninavyotarajia. Sura ya nne uliyonitumia inaanzia Rubaya. Iondoe hapo, uipeleke soko la Ntoto, halafu hesabu mbele.