Mwalimu aliyempita mwalimu mkuu kwenda polisi

Katika chumba cha walimu, mwalimu anayemshuku mwenzake kumdhulumu mwanafunzi kingono na kwenda polisi bila kungoja ruhusa ya mwalimu mkuu huitwa msaliti. Hoja ya wanaomlaumu si ya kipuuzi. Nchini Kenya, mwalimu anayeshukiwa kwa kosa hili husimamishwa kazi kabla ya kesi kusikilizwa, na tofauti na makosa mengine kadhaa, hapati hata nusu mshahara. Kijijini jina huchafuka siku hiyo hiyo. Ukichanganya na ugomvi wa vyeo, madeni ya chama na chuki za kawaida za kazini, unaelewa kwa nini mwalimu mkuu husema, "Ngojeni kwanza tuhakikishe."

Shida iko katika neno hilo, kuhakikisha.

Chukua kisa cha kubuni. Tendo limetokea Jumatano saa kumi na mbili jioni. Alhamisi asubuhi msichana anamwambia mwalimu wake wa darasa. Mwalimu mkuu anapewa habari kabla ya chakula cha mchana, anaahidi kuita kamati ya shule Jumatatu. Hakuna aliyekataa kusaidia, wala hakuna aliyeficha kitu. Lakini dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Saa 72 za msichana huyu zinakwisha Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Kamati inapoketi, mlango huo umeshafungwa. Ushahidi wa mwilini nao hauingoji kamati: ataoga, nguo zitafuliwa. Mwalimu anayejua mambo angemshauri mama asizifue, azitie katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaoleta unyevu, kisha waende hospitalini na kituoni wakapate fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza alichokuta mwilini.

Na hiyo Jumatatu yenyewe huharibu zaidi. Mtoto anaulizwa na mwalimu mkuu, kisha na naibu wake, kisha mbele ya kamati, pengine anayeshukiwa akiwa kiti cha pili. Kila mara anaeleza kwa namna tofauti kidogo, kama mtu yeyote aliyeogopa. Miezi baadaye wakili wa utetezi anaziweka kauli hizo bega kwa bega na kuuliza ipi ni ya kweli. Halafu kuna mapatano: karo italipwa, mbuzi atachinjwa, mwalimu atahamishiwa shule ya mbali. Kule anakokwenda hakuna anayejua lolote.

Uhamisho wa aina hiyo ndio uliomkera Jaji Mumbi Ngugi mwaka 2015, katika kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi waliodhulumiwa kingono na mwalimu wao, waliotambulishwa kwa herufi tu, W.J. na L.N. Alisema haifai mwajiri kuwazungusha wakosaji kutoka shule moja hadi nyingine na mwishowe kuridhika na kuwafuta kazi. Serikali na mwajiri, Tume ya Kuajiri Walimu, waliwajibishwa pamoja na mwalimu, na wasichana wakapewa fidia ya jumla ya shilingi milioni 5. Tume ilikuwa imeshatoa waraka wake nambari 3 wa 2010, unaomtaka mwalimu mwenye habari aripoti ndani ya saa 24, na unaotishia kumwadhibu anayenyamaza au kuficha. Waraka huo unamtaja mwalimu mkuu miongoni mwa wa kupewa taarifa, na hapo ndipo wengi hujificha: "Mimi nilimwambia mkuu." Polisi na afisa wa watoto nao wametajwa. Ikiwa mkuu amekalia taarifa, sioni jinsi mtu anavyoweza kusema amemaliza kazi yake.

Kwa hiyo vipi kuhusu mwalimu asiye na hatia? Kinachomlinda ni namna ripoti inavyoandikwa. Mwenye kuripoti hahukumu. Anaandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, siku na saa, na alichokiona mwenyewe, bila kumsaidia mtoto kukumbuka. "Ameniambia mwalimu fulani alimwita nyumbani kwake" ni taarifa. "Mwalimu fulani ni mbakaji" ni hukumu, na anayeisambaza katika kikundi cha WhatsApp anamwumiza mtoto na mtuhumiwa kwa pamoja. Mshahara uliozuiwa ni sababu ya kudai kesi ziharakishwe, nami ningeunga mkono dai hilo.

Kuna pingamizi moja ambalo sina jibu lake zuri. Baadhi ya vituo vya polisi vina kaunta moja tu, na mtoto anatakiwa aeleze yote mbele ya wanaoripoti wizi wa kuku. Mwalimu aliyewahi kumpeleka msichana mahali kama hapo anajua kwa nini mara ya pili miguu huwa mizito. Anaweza kuanzia hospitalini, au kupiga simu ya bure ya watoto, 116, akiwa bado njiani.