Bibi Aliyemwambia Dereva Alale Salama

Tangu serikali iruhusu tena mabasi kutembea usiku kucha mwaka 2023, mimi Shinyanga huenda usiku. Napanda Mbezi jioni, nafunga macho, nikifumbua ni Singida. Ndivyo nilivyopanga na safari hiyo. Kiti changu kilikuwa cha mbele kabisa, nyuma ya dereva.

Dodoma tulifika kama saa saba usiku. Nilizinduliwa na kishindo cha mizigo. Bibi mmoja aliyejitanda khanga alikuwa anashuka. Alifika mlangoni, akashika chuma, akatamka kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma: "Haya dereva wangu, umetufikisha. Lala salama, mwanangu!"

"Nawe pia, mama," sauti ikajibu. Basi likaondoka.

Mama wa kiti cha pembeni yangu akakaa wima. "Samahani. Nani alale?"

Hapo ndipo usingizi wa watu ulipoisha. Maana abiria akishuka mchana anawaambia wenzake safari njema, au Mungu awatangulie, nao wanamwambia haya, kwaheri ya kuonana. Maneno yote hayo yanatembea. Lala salama haitembei. Inakutandikia kitanda, inakufunika shuka na kukuzimia taa. Uambiwe ukiwa umeshika usukani, na mbele yako kuna barabara yote ya Manyoni!

"Angesema usiku mwema," akasema kijana mmoja. "Usiku mwema unampa hata mlinzi, hata nesi wa zamu. Hujamwambia asinzie."

"Na makaburini tunawaambia nini?" mama akauliza. Hakuna aliyejibu. Mtu wa nyuma akaongeza kwamba hata watangazaji wa mpira, mechi ikikaribia kuisha, husema dakika za lala salama. Hilo nalo halikusaidia.

Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akakohoa. "Nyinyi wa bara mna tabu. Kwetu Tanga mtu akiondoka usiku anasema alamsiki, unamjibu binuru, mmeachana. Hakuna aliyelazwa."

"Sasa mzee, bibi keshasema. Tunafanyaje?"

Baraza la dharura likaamua: dereva apigishwe soga mpaka kuche. Na aliyekaa karibu naye ni nani? Mimi.

Nikajisogeza. "Suka, habari za usiku?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

Nimeshakutana na watu wasiopenda maneno, lakini huyu alikuwa ukuta. Nikamuuliza watoto, nikamuuliza Simba na Yanga, nikamuuliza bei ya matairi. Kila nikinyamaza, mama ananigusa bega: "Kaka, mwongeleshe, kichwa kinainama." Kumbe anaangalia kioo cha pembeni. Kufika Singida nilikuwa nimemsimulia talaka ya binamu yangu, pamoja na sehemu ambazo binamu mwenyewe hazijui. Abiria waliokuwa na hofu nao walikuwa wanakoroma, mama akiwaongoza.

Kulipopambazuka, tumeshapita Igunga, nikaona sasa hatari imekwisha. Nikaegemea kidogo tu.

Niliamshwa na konda. "Kaka, vipi, hushuki? Hapa ndiyo mwisho."

Nikachungulia dirishani. Nyegezi, stendi ya Mwanza, jua la utosi. Shinyanga niliiacha zaidi ya kilomita mia moja na hamsini nyuma, na shemeji yangu alikuwa amenisubiri stendi tangu asubuhi na pikipiki.

"Mbona hamkuniamsha?"

"Tulikuita. Mama wa pembeni yako akasema tukuache, umefanya kazi kubwa usiku."

Kwenye usukani alikaa mtu mwingine, mnene, shati limetoka suruali, uso umevimba kwa usingizi. Nikamuuliza konda huyu ametokea wapi.

"Huyu? Ndiye aliyeendesha kutoka Dar. Alikabidhi Dodoma, akaenda kujinyoosha kiti cha nyuma. Kapokea tena Nzega."

Ikanijia taswira ya ule mlango wa Dodoma. Bibi alikuwa anaangalia chini, siyo kwenye usukani. Na ile "nawe pia, mama" ilitoka nje, gizani, kwa mtu aliyekwisha maliza zamu yake na blanketi liko kwapani. Bibi wa watu alikuwa macho safari nzima, akaona madereva wanapokezana. Sisi wengine ndio tulioamka katikati ya maneno.

Yule dereva mnene akageuka, akapiga mwayo mpaka nikaona magego.

"Nimeambiwa ulikuwa unampigisha mwenzangu soga usiku kucha," akasema. "Amelalamika sana. Hebu niambie, huyo binamu yako mwishowe alirudiwa?"