Baridi ya Dodoma mwezi wa Julai: umbali wa jua au mwinamo wa dunia?

"Dunia iko mbali zaidi na jua mwanzoni mwa Julai, na Dodoma tunavaa masweta Juni na Julai. Kwa nini basi vitabu vinasema umbali si chanzo cha majira?"

Anayeuliza hivi hajakosea hata tarehe moja, na ndiyo maana swali lake linastahili jibu kamili. Njia ya dunia kulizunguka jua ni duaradufu. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai huwa kilomita milioni 152.1. Pengo hilo la kilomita milioni 5 ni kubwa kwa masikio yetu, lakini ni kama asilimia 3 tu ya umbali wenyewe. Kwa kuwa nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, jua la Julai hutufikia likiwa pungufu kwa asilimia 7 hivi likilinganishwa na la Januari. Asilimia 7 si kitu cha kupuuzwa, na mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba umbali hauna athari yoyote anamdanganya bila kukusudia. Kwenye sayari ya Mirihi, ambayo mhimili wake umeinama karibu sawa na wetu, tofauti ya mwanga kati ya kuwa karibu na kuwa mbali huzidi asilimia 40, na huko umbali una sauti kubwa katika majira.

Kwa dunia yetu, hata hivyo, hoja ya umbali inakwama mara tu tunapotoka nusu ya kusini. Umbali ni mmoja kwa dunia nzima: siku Dodoma iko mbali na jua, Ulaya nayo iko mbali vilevile, na Julai ndiyo katikati ya kiangazi chao. Zaidi ya hapo, wastani wa joto la uso wa dunia yote hufikia kilele mwezi huohuo wa Julai, ukiuzidi ule wa Januari kwa karibu nyuzi 4 za Selsiasi, kwa sababu sehemu kubwa ya nchi kavu iko kaskazini na nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Dunia ina joto zaidi katika mwezi ambao iko mbali zaidi na jua. Sijaona namna ambayo mtetezi wa umbali anaweza kuuzunguka ukweli huo.

Upande wa mwinamo nao umeumizwa na baadhi ya wanaoutetea. Wengi huufafanua kwa kusema kwamba nusu iliyoinamia jua "inasogea karibu" nalo, kwa hiyo inapata joto. Huko ni kurudisha hoja ya umbali kwa mlango wa nyuma. Kipenyo chote cha dunia ni kilomita 12,742, kisichofika hata sehemu moja ya elfu kumi ya safari ya kwenda kwenye jua, kwa hiyo kuinama hakuwezi kuisogeza nusu yoyote karibu kiasi cha kuleta joto. Mhimili, ulioinama nyuzi 23.4, huendelea kuelekea upande uleule angani mwaka mzima wakati dunia ikizunguka, na kwa sababu hiyo kinachobadilika ni mambo mawili: jua linapanda juu kiasi gani adhuhuri, na mchana unadumu kwa saa ngapi.

Mambo hayo yanapimika Dodoma kwa kijiti cha mita moja kilichosimamishwa wima kwenye uwanja ulio tambarare. Mji uko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya kweli, yaani wakati kivuli kinapokuwa kifupi kuliko nyakati nyingine zote za siku, hapa haiji saa sita kamili bali dakika kama 37 baadaye, kwa kuwa saa zetu zimewekwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki nasi tuko karibu na 36. Anayepima saa sita juu ya alama atapata kivuli kilichopinda upande na kirefu kuliko kinavyotakiwa. Tarehe 21 Juni kivuli cha adhuhuri kitaanguka kusini, kikiwa na sentimita 57 hivi. Tarehe 21 Desemba kitaanguka kaskazini, na kitakuwa na sentimita 31 tu. Mwanzoni mwa Machi, na tena katika wiki ya pili ya Oktoba, jua hupita utosini na kivuli karibu hakionekani.

Kivuli hicho hakijui umbali wa jua. Kinaeleza pembe peke yake. Kutokana nacho tunajua kwamba miale yenye upana wa mita moja hutandazwa juu ya mita 1.05 za ardhi mwezi wa Desemba, na juu ya mita 1.15 mwezi wa Juni, kwa hiyo kila kipande cha ardhi hupata kidogo zaidi Desemba na pungufu Juni. Ongeza kwamba mchana wa Desemba hapa ni mrefu kuliko wa Juni kwa dakika kama 43. Ukijumlisha pembe na urefu wa mchana, bila kuhesabu mawingu wala hewa, mwinamo peke yake unaipa Dodoma nguvu ya jua iliyo kubwa kwa asilimia 16 hivi mwishoni mwa Desemba kuliko mwishoni mwa Juni. Umbali unaongeza zile 7 juu yake. Hata hapa karibu na ikweta, mahali ambapo mwinamo una nguvu ndogo, bado unauzidi umbali zaidi ya mara mbili. Kwenye mji kama Praha, ulio nyuzi 50 kaskazini, hesabu hiyohiyo ya mwinamo inatoa siku ya Juni yenye mwanga mara sita ya siku ya Desemba, na umbali unavuta upande wa pili bila kufua dafu.

Kwa hiyo masweta ya Julai yana sababu mbili zinazokutana, na mdogo kati yao ni umbali. Mkutano huo ni wa bahati ya nusu ya kusini, na ndio unaowafanya watu wa kwetu waamini umbali kwa urahisi kuliko watu wa kaskazini.

Lakini mkulima wa Chamwino au Bahi hapangi mwaka kwa sweta. Anaupanga kwa mvua, ambayo kwetu ni msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na hapa umbali hauna la kusema kabisa. Ukanda wa mvua hulifuata jua la utosini kwa kuchelewa kidogo: jua likienda kusini, ukanda unashuka hadi kwetu, likirudi kaskazini, unakwenda upande wa Sudani na Ethiopia, nasi tunaachiwa upepo mkavu wa kusini-mashariki. Kusogea karibu au mbali kungeweza kulizidisha au kulipunguza jua kwa pande zote kwa pamoja, ila kusingeweza kulihamisha kutoka kaskazini kwenda kusini. Hata joto kali kuliko yote la Dodoma huja Oktoba na Novemba, jua likiwa limeshapita utosini na anga bado haina mawingu. Januari, dunia ikiwa karibu zaidi na jua, mvua imeshaipoza ardhi.