"Nilimwonya, hakunisikia" si utetezi

Mwezi Agosti 1995, jenerali wa Marekani Wesley Clark alikuwa Belgrade, mji mkuu wa Serbia, na ujumbe wa kutafuta amani ya Bosnia. Miaka minane baadaye aliisimulia mahakama ya uhalifu wa kivita ya Hague alichomuuliza Slobodan Milošević, rais wa Serbia: unasema una ushawishi mkubwa kwa Waserbia wa Bosnia, sasa imekuwaje ukamwacha jenerali wao Mladić awaue watu wale wote katika mji wa Srebrenica? Kwa maelezo ya Clark, Milošević alijibu kwamba alimwonya asifanye hivyo, naye hakumsikia. Milošević alikana kusema maneno hayo.

Jibu hilo, awe alilitoa au hakulitoa, ndilo linalonirudisha kila mara kwenye hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 26 Februari 2007, kesi ya Bosnia na Herzegovina dhidi ya Serbia. Watu wengi huikumbuka kama hukumu iliyoiachia Serbia. Ni kweli nusu. Mahakama ilikubali kwamba mauaji ya maelfu ya wanaume Waislamu wa Srebrenica mwezi Julai 1995 yalikuwa mauaji ya kimbari, ila ikasema Serbia haikuyatenda wala haikushirikiana na waliotenda. Kisha, kwa kura 12 dhidi ya 3, ikasema Serbia ilivunja wajibu wake wa kuyazuia. Hapo ndipo penye uzito.

Tuanze na ushawishi wenyewe, maana neno hili hutumika kiholela. Katika jeshi la Yugoslavia, nchi ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake wakati huo, kulikuwa na ofisi iliyoitwa Kituo cha 30 cha Watumishi, mjini Belgrade. Maofisa wengi waliokuwa wakipigana Bosnia chini ya Mladić mafaili yao yalikaa pale. Mishahara yao ilitoka pale, na vyeo na pensheni zao vilishughulikiwa pale. Mtu anavuka mto Drina kwenda vitani, lakini mwisho wa mwezi mshahara wake unatoka nchi ya upande wa pili. Ukijua jambo hilo moja, huhitaji kuambiwa mengi kuhusu nani angeweza kumwambia nani asimame.

Hata hivyo mahakama haikuona kwamba mishahara inatosha kuyafanya mauaji yale kuwa ya Serbia yenyewe. Kwa hilo ilitaka ushahidi kwamba Belgrade iliiongoza operesheni ile au kuidhibiti. Kwa ushirika nako ilitaka ushahidi kwamba waliotoa msaada walijua waziwazi, wakati wanautoa, kwamba mauaji ya kimbari yanaandaliwa. Majaji waliona kwamba uamuzi wa kuwaua wanaume wa Srebrenica ulichukuliwa baada tu ya mji kutekwa tarehe 11 Julai, na haikuthibitishwa kwamba Belgrade ilipata habari zake kwa wakati.

Wajibu wa kuzuia ni habari nyingine kabisa. Hauanzi siku uamuzi wa kuua unapofanywa. Unaanza pale dola inapojua, au ilipaswa kujua, kwamba hatari kubwa ipo. Na wajibu huu ni wa bidii, si wa matokeo. Mahakama ilieleza kwamba bidii hiyo hupimwa kwa uwezo wa dola kuwaathiri wale wanaoelekea kuua: iko mbali kiasi gani na mahali penyewe, uhusiano wake wa kisiasa na mwingineo na wahusika una nguvu kiasi gani, na sheria ya kimataifa inairuhusu kufanya nini. Kwa hiyo nchi iliyo mbali isiyo na la kusema inadaiwa kidogo. Anayelipa mishahara anadaiwa sana.

Chukua mwenye daladala ambaye majirani wamemwambia mara tatu kwamba dereva wake anaendesha amelewa. Yeye hakushika usukani. Lakini funguo hulala kwake, mafuta ananunua yeye, posho ya siku anatoa yeye. Akisema "nilimwonya," swali linalofuata ni: na funguo ulimpa tena asubuhi?

Belgrade ilikuwa imeshaambiwa. Tarehe 8 Aprili 1993, na tena tarehe 13 Septemba mwaka huohuo, mahakama ilikuwa imeiamuru Yugoslavia ihakikishe vikosi inavyoviunga mkono havitendi mauaji ya kimbari. Mpatanishi David Owen alieleza kwamba mwaka 1993 Milošević mwenyewe alihofia umwagaji mkubwa wa damu endapo Waserbia wa Bosnia wangeingia Srebrenica, kwa chuki iliyokuwepo pale. Alijua. Mahakama ilipotafuta hatua yoyote ambayo Belgrade ilichukua Julai 1995, haikuonyeshwa hata moja.

Sentensi ninayoithamini kuliko zote katika hukumu ile ni ile inayokataa utetezi wa "hata tungejaribu, tusingeweza." Majaji walisema haijalishi kama dola inadai, au hata inathibitisha, kwamba njia zake zote zisingetosha. Lilikuwa jambo gumu kuthibitisha, walisema, na tena juhudi za nchi kadhaa zikiunganishwa huenda zingefanikiwa pale ambapo ya nchi moja isingefua dafu. Bila sentensi hiyo kila mwenye ushawishi angemwelekezea kidole mwenzake.

Ndiyo maana hatua iliyofuata inaniuma. Lilipokuja suala la fidia, mahakama iliuliza: je, imethibitishwa kwa uhakika wa kutosha kwamba mauaji yangezuilika kama Serbia ingetimiza wajibu wake? Ikajibu hapana. Kwa hiyo kwa kosa hilo la kutozuia hakuna fidia. Tamko la hukumu linatosha. Utetezi uliofukuzwa mlango wa mbele ukaingia kwa mlango wa nyuma. Kwa kosa lenyewe, "tusingeweza" si hoja. Kwa malipo, ndiyo hoja iliyoshinda.

Mahakama ilikuwa na sababu, nakubali. Fidia inahitaji uhusiano kati ya kosa na hasara, na hakuna hakimu anayeweza kurudisha saa nyuma ajue Mladić angefanya nini laiti angeambiwa kwamba mishahara inasimama kesho. Lakini hivyo ndivyo ilivyo kwa kila wajibu wa kuzuia. Ukidai uhakika, anayekaa kimya kabisa ndiye anayenufaika zaidi, kwa sababu hakujaribu chochote ambacho kingeonyesha kama kingefaa.

Njia nyingine ipo, na ilionekana katika kesi nyingine ya Srebrenica hiyohiyo. Akina mama wa Srebrenica waliishtaki Uholanzi, ambayo askari wake walikuwa walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa kwenye kambi ya Potočari. Ndani ya kambi walikuwamo wanaume wapatao 350. Tarehe 13 Julai 1995 watu waliondolewa kambini, na wanaume hao hawakuambiwa kwamba wangeweza kubaki ndani. Nje walikuwa wakingojewa na askari wa Mladić.

Kesi ile haikuwa ya wajibu wa kuzuia chini ya Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948. Ilikuwa ya madhara, kwa sheria ya Uholanzi. Lakini ugumu ulikuwa uleule: huenda wangetolewa na kuuawa hata kama wangebaki. Majaji hawakuishia hapo. Waliuliza wanaume hao walinyimwa nafasi gani ya kuishi. Mahakama ya rufaa mwaka 2017 ilisema asilimia 30, na mwezi Julai 2019 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ikaishusha hadi asilimia 10, na nchi ikawajibika kwa kiasi hicho cha hasara.

Asilimia 10 ni kidogo kwa mtu aliyempoteza mumewe na wanawe kwa wiki moja, na akina mama wale walivunjika moyo. Lakini hesabu hiyo inakiri kwamba nafasi ndogo ya kuokoka ni kitu ambacho mtu alikuwa nacho na akanyang'anywa. Askari wale wa Uholanzi walikuwa na silaha chache na mji ulikuwa umeshatekwa. Belgrade, yenye mafaili, vyeo na mishahara, ilikuwa na uwezo mkubwa kuliko wao, na kwa kushindwa kutumia uwezo huo haikulipa hata dinari moja.