Barua ya shukrani kwa zamu ya usiku iandikwe kwa saa na dakika

Rasimu ya kwanza ya barua yetu ilikuwa na mistari minne. Ilisema familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote kwa huduma nzuri na upendo, Mungu awazidishie. Shemeji yangu aliiandika kwa mwandiko wake mzuri, tukaisoma sebuleni, kila mtu akaitikia amina. Mimi nikaomba isipelekwe kwanza. Ni mimi niliyekesha na mtoto wodini usiku ule, na katika mistari ile sikuliona hata tendo moja nililolishuhudia kwa macho yangu.

Dua ni njema na tuliiacha ibaki. Lakini atakayeisoma barua ile hospitalini hatajua nani alifanya nini, lini, wala kwa nini mtoto wetu yu hai. Na usiku ndio hauna shahidi mwingine. Asubuhi daktari anapita raundi, anamkuta mtoto amekaa kitandani anakunywa uji, baba anaingia na kushika mikono ya kila aliyevaa koti jeupe. Wale waliokesha wameshakabidhi zamu, wako kwenye daladala wanasinzia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu, na ndiyo maana nang'ang'ania kwamba barua kwa watu wa usiku isimulie usiku wenyewe.

Mtoto ni wa dada yangu, ana miaka mitatu, kilo 12. Dada ana kichanga nyumbani, na wodi ya watoto hapa kwetu Tanga inaruhusu mtu mmoja tu kulala na mgonjwa, kwa hiyo nikabaki mimi, mama yake mdogo. Tulifika saa 2 usiku akiwa ameshapata degedege mara moja nyumbani. Kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Mtu wa maabara akatoa damu, akasoma slaidi kwa darubini usiku uleule, akapima na wingi wa damu: 7.2. Ilikuwa imepungua, ila haikufikia kiwango cha kuongezewa.

Sindano ya kwanza ya artesuneti ilichomwa saa 2:40. Nilimwangalia nesi akiitayarisha. Dawa inakuja kama unga kwenye kichupa, miligramu 60, inayeyushwa kwanza kwa kimiminika chake, kisha inaongezwa maji ya chumvi. Kwa mtoto wa uzito ule kipimo ni miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 36. Kilichobaki alikitupa, kwa kuwa dawa ikishachanganywa haitunzwi kwa ajili ya dozi inayofuata. Ya pili ilitakiwa baada ya saa 12, wakati yeye angekuwa ameshatoka kazini, naye akaandika "2:40 asubuhi" kwa herufi kubwa juu ya faili ili wenzake wasiikose.

Nilitulia baada ya hapo. Saa 5 mtoto aliamka, akalia akimtaka mama yake, akanywa maji vijiko viwili, akalala tena. Kufika saa 8 na ushee nilimgusa kipajini nikakuta jasho na ubaridi. Nikamtumia dada ujumbe: homa imeshuka, amelala vizuri. Nilikuwa na furaha ya kweli. Mzazi yeyote aliyehangaika na homa siku mbili anajua furaha ile ya kuona mtoto ametoka jasho na kunyamaza.

Nesi alipopita saa 9 hakufurahi. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi iliyojaa, vitanda vingine vina watoto wawili, na wetu hakuwa analia wala kutapika. Angeweza kumpita. Alisimama, akamwita jina. Kimya. Akamgeuza, akamtekenya nyayo. Kisha akachukua penseli, akaibana juu ya ukucha wa kidole cha mkono. Nikashtuka, nikamwambia, "Sista, mwache, ndiyo kwanza amepata usingizi." Akanijibu bila kuniangalia: "Mama, mtoto aliyelala angelia na kuuvuta mkono. Huyu hajalala."

Mtoto aliguna kidogo na mkono ukasogea kivivu. Nesi akatoka mbio. Mashine ya kupimia sukari ilikuwa moja kwa wodi tatu, na wakati ule ilikuwa wodi ya wazazi. Alirudi nayo akihema, akatoboa kidole: milimoli 2.1 kwa lita. Kwa mtoto wa umri ule mwenye malaria kali, chini ya 3 tayari ni hatari. Ubongo unaishi kwa sukari, na ikikatika hivyo mtoto anaweza kuanza degedege upya, akafa, au akapona akiwa na ubongo uliodhurika.

Baadaye nilimuuliza sababu, akanieleza huku akijaza faili. Mtoto hajala tangu jana yake. Vimelea vya malaria vinakula sukari, mwili wenye homa nao unaitumia kwa kasi, na ini lililolemewa haliwahi kutengeneza nyingine. Zamani tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa sababu kwinini yenyewe hushusha sukari. Artesuneti ilichukua nafasi ya kwinini baada ya utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, na baadhi yao walitibiwa hapahapa mkoani kwetu, Muheza na Korogwe. Vifo vilipungua. Lakini dawa bora haimlishi mtoto, na sukari inaweza kushuka saa yoyote, hata sindano ikiwa imechomwa kwa wakati wake. Jasho nililodhani ni la homa kushuka lilikuwa ni la sukari kuisha.

Hapakuwa na maji ya glukosi ya asilimia 10 yaliyo tayari. Kulikuwa na ya asilimia 50, na hayo ni mazito mno kwa mshipa wa mtoto. Akavuta mililita 12 za glukosi nzito, akaziongeza mililita 48 za maji safi ya sindano, zikawa 60: mililita 5 kwa kila kilo ya mtoto. Hesabu aliipiga kwa sauti, mwenzake akairudia, ndipo wakaanza kusukuma polepole kupitia kanula. Kabla sirinji hazijaisha mtoto alifumbua macho. Nusu saa baadaye wakapima tena: 5.4. Wakamwekea dripu yenye glukosi ili isianguke upya, na wakarudi kupima kabla ya kukabidhi zamu. Saa 11 alfajiri aliomba maziwa.

Haya ndiyo yaliyoingia katika barua. Nainakili hapa jinsi ilivyokwenda, ila majina na namba nimeziondoa:

Mganga Mfawidhi,

YAH: SHUKRANI KWA ZAMU YA USIKU, WODI YA WATOTO

Sisi ni familia ya mtoto wa miaka mitatu aliyelazwa kwa malaria kali, kitanda na tarehe kama tulivyotaja hapo juu. Tunaomba shukrani hizi ziwafikie waliokuwa zamu ya usiku tarehe hiyo na ziwekwe katika kumbukumbu zao za kazi.

Saa 9 usiku muuguzi alimkagua mtoto wetu ambaye sisi tuliamini amelala. Alimjaribu kwa kumbana ukucha, akatambua kuwa fahamu zimepungua, akafuata mashine ya sukari wodi nyingine na kukuta 2.1. Yeye na mwenzake walichanganya glukosi kwa kuhakikiana hesabu, wakampa, wakapima tena, wakapata 5.4. Mtoto alizinduka mikononi mwao.

Tunamshukuru mtaalamu wa maabara aliyesoma slaidi usiku huohuo. Tunamshukuru pia mhudumu wa usafi aliyemletea mlezi wa mtoto kiti na maji ya kunywa, akamwambia asichoke kumwita nesi.

Tungependa uongozi ujue kwamba muuguzi alilazimika kutoka wodini kwenda kuitafuta mashine. Tunaomba wodi ya watoto iwe na yake, pamoja na stripu za kutosha. Mungu awazidishie.

Mwisho wa kunukuu. Shemeji alisita kuhusu aya ile ya mashine. Aliona si adabu kuomba kitu ndani ya barua ya shukrani. Nilimwelewa, ila sikukubali. Kumsifu nesi kwa kukimbia, ukaficha kwamba alikimbia kwa sababu kifaa hakipo, ni kumwachia akimbie tena kesho kwa mtoto wa mwingine. Na maneno yanayotoka kwa familia iliyoridhika hayana harufu ya ugomvi. Tuliyaandika bila kumlaumu yeyote.

Kuhusu pesa, kaka yangu alijaribu. Alfajiri ile alimkuta nesi mlangoni akataka kumpa elfu kumi. Nesi akaurudisha mkono wake kwa upole: "Hapana kaka, kamnunulie mtoto maziwa." Nadhani tunawaweka pabaya tunapofanya hivi. Noti ile, akionekana anaipokea, inaweza kumharibia kazi, na mgonjwa wa kitanda cha pili anaanza kujiuliza kama naye anadaiwa. Barua inapitia ofisini waziwazi, na hakuna atakayemhoji kwa kuipata.

Wengi huniambia wangependa kuandika lakini hawakushika majina. Hata mimi sikuyajua; usiku ule nilikuwa naita "sista" tu. Tarehe, wodi, namba ya kitanda na saa zinatosha, kwa kuwa kila dawa iliyotolewa imeandikwa kwenye faili pamoja na saini, na ratiba ya zamu ipo. Andika mapema, wiki hiyohiyo kama unaweza, kabla saa hazijachanganyika kichwani. Mimi nilizipata kwenye simu, kwa zile jumbe nilizokuwa namtumia dada, ukiwamo ule wa "amelala vizuri". Andika nakala mbili: moja kwa mganga mfawidhi, nyingine kwa muuguzi mfawidhi wa wodi.

Hiyo ya pili niliipeleka mwenyewe. Muuguzi mfawidhi aliisoma akiwa amesimama, akafika kwenye ukucha na penseli, akarudi juu kuanza upya. Kisha akafungua droo, akatoa ratiba ya mwezi ule iliyokunjwa mara nne, akapitisha kidole mpaka kwenye tarehe yetu. Akachukua kalamu na kuandika majina mawili pembezoni mwa barua. Akafikiri kidogo, akamwita mtu dirishani kumuuliza nani alikuwa usafi usiku ule, akaongeza la tatu.